WhatsApp ikikufungia ghafla: mfumo umeona nini, na rufaa uiandike vipi

Jana usiku ulikuwa unajibu meseji kama kawaida. Leo asubuhi ukifungua WhatsApp unakuta chati zote zimefichwa nyuma ya ukurasa mmoja wenye maneno machache ya Kiingereza, mara nyingi `This account can no longer use WhatsApp` au yanayofanana na hayo. Laini yenyewe ni nzima: inapiga, inapokea, bando lipo, na huduma ya pesa ya simu inafanya kazi. Kilichofungwa ni akaunti ya WhatsApp iliyosajiliwa kwa namba hiyo. Wanaokutumia meseji hawaambiwi lolote. Wanaona tiki moja tu na kudhani umezima simu.

Swali la kwanza la kila aliyefungiwa ni hili: "Kwani nimeandika nini?" Hapo ndipo wengi wanapopotea njia, kwa sababu mara nyingi hawakufungiwa kwa walichoandika. Wamefungiwa kwa jinsi akaunti yao ilivyotenda. Asiyelijua hilo huandika rufaa ya kulalamika na kuapa, na anayelijua huandika rufaa inayojibu swali lililoulizwa.

Soma vizuri kilichoandikwa

Si kila kufungiwa ni kwa aina moja, na dawa inategemea aina. Kabla ya kubonyeza chochote, piga picha ya ukurasa huo ili maneno yake ubaki nayo.

Aina ya kwanza ni kubanwa kwa muda. Akaunti yako inafunguka, unaweza kuwajibu watu uliokwisha kuzungumza nao, lakini huwezi kuanzisha chati mpya mpaka muda ulioonyeshwa uishe. Huku ndiko kunakokaribia onyo. Anayebanwa hivi akiendelea na mwendo uleule baada ya kuachiwa, hatua inayofuata huwa nzito zaidi.

Aina ya pili ni kufungiwa kwa muda, ambako ukurasa unaonyesha saa inayohesabu kurudi nyuma. Mara nyingi chanzo chake ni kutumia WhatsApp isiyo rasmi, kama GB WhatsApp au WhatsApp Plus, ambazo watu huzipenda kwa sababu zinaficha tiki za bluu au kuonyesha meseji zilizofutwa. Programu hizo hazikutengenezwa na kampuni yenye WhatsApp, na masharti ya huduma yanazikataza. Dawa yake ni kuhifadhi nakala ya chati, kusubiri saa iishe, kuondoa programu hiyo na kupakua ile rasmi kutoka duka la programu la simu yako. Anayesubiri saa iishe kisha akarudi kwenye GB yake anaweza kufungiwa moja kwa moja.

Aina ya tatu ndiyo makala hii inayoishughulikia: kufungiwa kabisa, bila saa ya kuhesabu, na chini yake kitufe cha kuomba upitiwe upya, yaani `Request a review`. Kitufe hicho ndicho mlango wa rufaa.

Mfumo unaona nini

Meseji za WhatsApp zimefungwa kwa usimbaji kutoka kwa mtumaji hadi kwa mpokeaji, kwa hiyo kampuni haisomi mazungumzo yako yanapopita. Lakini kuna mengi yasiyohitaji kusoma meseji. Mfumo unajua akaunti ilisajiliwa lini na kupitia mtandao gani. Unajua imetuma meseji ngapi kwa muda gani, imefungua magrupu mangapi, imeongeza watu wangapi, na wangapi kati yao wameizuia au kuiripoti. Picha ya wasifu, jina la grupu na maelezo yake pia havimo ndani ya usimbaji huo, kwa hiyo vinaonekana.

Mwaka 2019 WhatsApp ilichapisha waraka unaoeleza jinsi inavyopambana na meseji za kutumwa kwa wingi. Waraka huo unasema akaunti huchunguzwa katika nyakati tatu: inaposajiliwa, inapotuma meseji, na watu wanapoilalamikia. Wakati huo kampuni ilikuwa inafungia zaidi ya akaunti milioni 2 kila mwezi, na zaidi ya asilimia 75 ya hizo zilifungiwa bila mtumiaji yeyote kuziripoti hivi karibuni. Yaani kwa kila akaunti nne zilizofungiwa, tatu zilikamatwa na mfumo wenyewe kwa kuangalia mwenendo wake.

Waraka unatoa mfano wa kinachotiliwa shaka: akaunti iliyosajiliwa dakika tano zilizopita inajaribu kutuma meseji 100 ndani ya sekunde 15. Hakuna kidole cha binadamu kinachoweza kasi hiyo. Nyingine ni akaunti inayofungua magrupu kwa makumi kwa haraka, au inayoingiza maelfu ya watu kwenye magrupu yaliyopo. Kati ya mwendo wa mashine kama huo na matumizi ya kawaida kuna eneo pana lenye ukungu, na humo ndimo watu wasio na hatia wanamonaswa.

Kwa kawaida kinachoifanya kampuni ione maneno uliyomwandikia mtu ni mtu huyo kukuripoti. Anaporipoti, meseji tano za mwisho ulizomtumia hupelekwa kwa kampuni, wala wewe hujulishwi. Hapa kuna jambo dogo lenye uzito mkubwa. Mtu asiyekuwa na namba yako kwenye simu yake akipokea meseji yako ya kwanza, huonyeshwa vitufe vya kukuzuia na kukuripoti palepale kwenye chati. Aliyekuhifadhi hasukumiwi vitufe hivyo. Meseji ileile moja inaweza kupita salama kwa ndugu na ikakuletea ripoti kwa mtu asiyekujua.

Zipo sababu nyingine zisizotokana na kosa la mwenye akaunti. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hurudishwa na mtandao wa simu na kuuzwa kwa mtu mwingine. Ukiinunua, unaweza kukuta namba ilishafungiwa kwa makosa ya mmiliki wake wa zamani. Au akaunti yako ilitekwa: ulimtajia mtu tarakimu sita zilizokuja kwa meseji, akaingia, akawatumia watu wako wote maombi ya pesa, wakamripoti, na akaunti iliyofungwa ni ya kwako. Au uliingizwa bila ridhaa kwenye grupu ambalo jina au picha yake vinaashiria uhalifu mkubwa, hasa unyanyasaji wa watoto. Katika kila moja ya hali hizi rufaa ina nguvu, mradi useme waziwazi kilichotokea.

Kwa nini hawakuonyi

Ukifikiria kwa upande wa wanaoendesha mfumo, onyo lina gharama mbili. Ya kwanza ni muda. Akaunti ya matapeli hununuliwa kwa bei ya laini moja, huishi saa chache, na kazi yake yote huifanya katika saa hizo. Kuipa saa 24 za onyo ni kuiachia imalize kazi. Ya pili ni kwamba onyo linafundisha. Tapeli akiambiwa kwamba amekamatwa kwa kutuma meseji 60 kwa dakika, kesho atatuma 50. Ndiyo maana hata baada ya kufungwa hupewi sababu kamili. Unapewa neno la jumla kama "meseji taka" na kiungo cha masharti ya huduma.

Uchaguzi huo unawaumiza wasio na hatia, na kampuni inalijua hilo. Rufaa iliwekwa kwa ajili yao: mfumo unafunga kwanza, kisha maelezo yako yanasikilizwa baadaye. Kwa hiyo kimya cha mwanzo kisikufanye udhani kesi imekwisha.

Kesi ya kamati ya harusi

Tuchukue mfano unaofanana na mambo yanayotokea kila wiki Dar es Salaam. Katibu wa kamati ya harusi ananunua laini mpya ili michango isichanganyike na pesa zake. Ijumaa jioni anaisajili WhatsApp, anaweka picha ya maharusi, na anapokea orodha mbili za namba, moja kutoka upande wa bwana harusi na nyingine kutoka upande wa bibi harusi. Anafungua grupu na kuingiza watu 180 kwa mkupuo. Kisha anawatumia wengine 90 kadi ya mchango mmoja mmoja: picha ileile, maneno yaleyale, na mwishoni namba ya kutumia pesa. Jumamosi asubuhi akaunti imefungwa.

Yeye anajiona mtu aliyefanya kazi ya familia. Sasa tutazame upande wa mfumo. Akaunti haina hata siku moja. Haina historia ya mazungumzo na mtu yeyote. Ndani ya saa tatu imegusa watu 270, na karibu wote hawana namba yake. Wengi hawajajibu, kwa sababu watu hawajibu kadi ya mchango usiku uleule. Katika wale 180, kumi na watano wametoka kwenye grupu na wachache wakabonyeza kuripoti, maana mtu wasiyemfahamu amewaingiza mahali bila kuwauliza. Wale 90 wamepokea picha na ombi la pesa kutoka kwa namba ngeni. Katika nchi ambako kila mwenye simu ameshapokea meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii", baadhi yao wamezuia na kuripoti bila kusoma hadi mwisho.

Kwa vipimo hivyo, katibu na tapeli wamefanana kila kitu isipokuwa nia, na nia haionekani kwenye vipimo. Kazi ya rufaa ni kumwonyesha mpitiaji kitu hicho kimoja alichokosa.

Rufaa, hatua kwa hatua

Hakikisha kwanza laini iko hewani kwenye simu uliyonayo. Rufaa huthibitishwa kwa tarakimu sita zinazotumwa kwa meseji ya kawaida kwenye namba iliyofungwa. Kama laini imepotea, nenda ukairudishe kwenye duka la mtandao wako wa simu ndipo urudi kwenye rufaa. Bila laini hakuna pa kuanzia.

Fungua WhatsApp rasmi, iliyosasishwa. Kwenye ukurasa wa kufungiwa bonyeza `Request a review`. Utaombwa kuthibitisha namba, tarakimu sita zitakuja, utaziingiza. Usibonyeze kuomba tarakimu tena na tena zikichelewa, kwa sababu ukirudia sana unalazimishwa kusubiri muda mrefu zaidi. Baada ya hapo utapewa nafasi ya kuandika maelezo yako, kisha utatuma. Kitufe hicho kisipoonekana, njia nyingine ni fomu ya mawasiliano iliyopo `www.whatsapp.com/contact`. Humo andika namba yako ikianza na alama ya jumlisha na msimbo wa nchi, kwa Tanzania `+255` na kwa Kenya `+254`, bila ile sifuri ya mwanzo.

Sehemu ya maelezo ndiyo inayohitaji utulivu. Mpitiaji ana kesi nyingi mbele yake na hakufahamu. Anachohitaji ni mambo manne: namba hii ni ya nani na inafanya kazi gani, kitu gani kilitokea kabla ya kufungiwa, unafikiri kipi kilitiliwa shaka, na utabadilisha nini. Sentensi ziwe fupi na sanifu, bila mafumbo wala vifupisho vya kuchati, ili hata zikipitishwa kwenye mtambo wa tafsiri zibaki na maana yake. Anayemudu Kiingereza anaweza kuandika kwa Kiingereza rahisi.

Rufaa ambayo wengi huandika inafanana na hii: "Naombeni mnifungulie jamani, sijafanya kosa lolote, akaunti hii ndiyo maisha yangu, nina wateja na familia." Inagusa moyo, lakini haimwambii mpitiaji chochote ambacho tapeli asingeweza kukiandika. Katibu wetu angeandika hivi:

"Namba hii ni mpya. Niliisajili Ijumaa kwa ajili ya kamati ya harusi ya familia yetu. Jioni hiyo niliingiza watu 180 kwenye grupu moja na kutuma kadi ya mchango kwa watu wengine 90. Namba zao nilipewa na familia za maharusi. Wengi hawakuwa na namba yangu, na naelewa kwamba walidhani ni meseji taka. Ninatumia WhatsApp rasmi na nilituma kwa mkono, bila programu ya kutuma kwa wingi. Nikifunguliwa, nitawaacha watu wajiunge wenyewe kwa kiungo, na sitatuma tena kadi kwa watu wasionifahamu. Naomba akaunti ipitiwe upya."

Maelezo hayo yanakiri idadi. Wengi huogopa kufanya hivyo, wakadai hawakutuma meseji yoyote. Lakini idadi ya meseji ni kitu ambacho kampuni tayari inacho. Ukiikana, unajionyesha mwongo kwa jambo dogo, na hata sehemu ya kweli ya maelezo yako haitaaminiwa. Kwa sababu hiyohiyo, kama ulikuwa unatumia GB WhatsApp, sema ulikuwa unaitumia na kwamba umeiondoa.

Kama kisa chako ni cha namba iliyorudishwa sokoni, taja tarehe uliyonunua laini na kwamba hukuwahi kuitumia WhatsApp kwa namba hiyo kabla ya siku hiyo. Kama akaunti ilitekwa, taja siku na saa ulipopoteza udhibiti na saa ulipougundua wizi. Tarehe hizo zinaweza kulinganishwa na kumbukumbu za mfumo, na zikilingana zinakupa nguvu kuliko kiapo chochote.

Ukishatuma, ukurasa utaonyesha kwamba maombi yanapitiwa. Kwa kawaida jibu huja ndani ya saa 24, na wakati mwingine huchelewa zaidi. Utalisoma kwa kufungua programu yenyewe. Kutuma maombi matano hakuharakishi kesi.

Wakati unasubiri

Kishawishi cha kwanza ni kufuta programu na kuiweka upya. Usifanye hivyo kabla hujajua nakala zako ziko wapi. Kwenye simu za Android, WhatsApp huhifadhi nakala ya chati ndani ya simu kila usiku saa nane, na hutunza nakala za hadi siku saba zilizopita. Zimo kwenye folda hii:

```
Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Databases
```

Nakili folda nzima ya `WhatsApp` kwenye kompyuta au kadi ya kumbukumbu. Picha, video na nyaraka zilizomo katika folda ya `Media` ni mafaili ya kawaida, unaweza kuzifungua hata bila WhatsApp. Chati zenyewe ni jambo jingine: nakala yake inarejeshwa tu kwa namba ileile iliyozitengeneza. Ukifungiwa moja kwa moja na kuanza na namba mpya, chati za zamani hazihamii huko. Kwa hiyo kama risiti za wateja au makubaliano ya kazi yamo kwenye chati, usisubiri siku ya kufungiwa ndipo uyatafutie mahali pengine pa kuyahifadhi.

Kishawishi cha pili ni kumtafuta mtu wa "kurudisha akaunti". Watu hawa wanajitangaza kwenye mitandao, wanadai wana ndugu ndani ya kampuni, wanataka malipo ya kutanguliza, na baadaye wanakuomba zile tarakimu sita. Rufaa ni bure, na hakuna dirisha la pembeni. Anayekuomba tarakimu sita anataka kuisajili namba yako kwenye simu yake. Ukimpa, hata rufaa ikikubaliwa, anaweza kuwa yeye anayeingia.

Mtandao wako wa simu nao hauwezi kukufungulia, kwa kuwa wao wanamiliki laini, siyo akaunti. Wanachoweza ni kukurudishia laini iliyopotea na kukuthibitishia tarehe uliyoisajili. Vilevile, wanaosikia kuhusu lile baraza huru la Meta, kampuni yenye WhatsApp, linalopitia maamuzi yake wajue kwamba linashughulikia Facebook, Instagram na Threads. Kesi za WhatsApp hazifiki huko.

Upande wa sheria, Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Kifungu chake cha 35 kinampa mtu haki ya kutoamuliwa jambo zito na mashine peke yake, na nafasi ya kuomba uamuzi huo uangaliwe upya. Haki hiyo ina mipaka, ikiwemo pale uamuzi unapotokana na mkataba. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, pamoja na tume yake. Malalamiko kwa ofisi hizo yanachukua muda, na hayatakurudishia akaunti kabla ya harusi. Yana maana zaidi kwa aliyepoteza biashara kubwa, ambaye ameshakata rufaa na ana picha za kila ukurasa alioonyeshwa.

Katika saa hizo za kusubiri, watumie watu wako muhimu meseji ya kawaida ukiwaeleza kwamba WhatsApp yako imefungwa, na kwamba ombi lolote la pesa kutoka namba ngeni inayojiita wewe si lako. Matapeli hupenda sana kipindi ambacho mtu hapatikani.

Jibu likija

Likiwa zuri, akaunti inafunguka na chati zako zinarudi kama hukufuta kitu. Siku za mwanzo tembea taratibu. Kama ulitekwa, ingia kwenye mipangilio, fungua sehemu ya vifaa vilivyounganishwa na utoe usivyovitambua, kisha weka uthibitisho wa hatua mbili, yaani namba ya siri ya tarakimu sita unayoichagua mwenyewe. Ukikuta mtekaji amekuwekea ya kwake, utalazimika kusubiri siku saba kabla ya kuingia bila hiyo. Kwenye faragha ya magrupu, ruhusu wale tu uliohifadhi namba zao wakuingize, ili usijikute ndani ya grupu usilolijua.

Jibu likiwa baya, utaambiwa kwamba akaunti imepitiwa na uamuzi umebaki palepale. Tuma ombi jingine kwa fomu ya mawasiliano endapo tu una jambo jipya, kwa mfano ushahidi wa tarehe uliyonunua laini. Kurudia maneno yaleyale hakubadilishi kitu. Hapo inabaki kuanza na namba nyingine, na namna utakavyoianza ndiyo itakayoamua kama itadumu.

Katibu wetu, akifunguliwa au akianza upya, ana njia rahisi kuliko ile ya Ijumaa. Angeweza kutumia namba yake ya siku zote, ambayo ndugu wameihifadhi na ina historia ya miaka, akaiachia laini mpya kazi ya kupokea michango peke yake. Kama angetaka kuihamishia WhatsApp yake kwenye laini mpya, angetumia sehemu ya kubadilisha namba iliyo ndani ya mipangilio ya akaunti. Hiyo inahamisha akaunti pamoja na magrupu yake, na inaweza kuwajulisha watu wake. Anayejisajili upya huanza kama mgeni.

Grupu angelifungua akiwa na watu kumi wa kamati, angemteua admini wa pili ili yeye mwenyewe akifungiwa kazi isikwame, kisha angetengeneza kiungo cha kujiunga. Kila mwanakamati angekipeleka kwa ndugu zake anaowafahamu. Shangazi akipokea kiungo kutoka kwa mpwa wake hawezi kubonyeza kuripoti, atauliza tu sare ni rangi gani. Na wale wa kutumiwa kadi mmoja mmoja angewapigia simu kwanza, akawaomba wahifadhi namba, kisha akaitumia orodha ya matangazo ya WhatsApp. Orodha moja inachukua hadi watu 256 na humfikia tu aliyehifadhi namba ya mtumaji. Wengi huliona sharti hilo kama usumbufu, kumbe linamlinda mtumaji mwenyewe: asiyekujua hapati meseji yako, kwa hiyo hana cha kuripoti.